Mvua haiui kiatu cha swedi, haraka yako ndiyo inakiua

Nianze na kisa cha beshte wangu, maana najua kuna msomaji atakayeona viatu vyake humu.

Beshte yangu anafanya kazi ya karani kwa ofisi moja ya kupitisha mizigo hapa Busia, karibu na mpaka. Mwaka jana mwezi wa Aprili alikuwa amejinunulia buti za swedi, kahawia, za mtumba, kwa thao moja na nusu. Safi kabisa. Ijumaa hiyo jioni akatoka kazini, na kabla afike Marachi mvua ikamwagika ile ya kwetu, ambayo haikupi hata dakika ya kutafuta kibanda. Akafika nyumbani buti zimelowa na zimepakwa tope jekundu.

Akafanya kile karibu kila mtu hufanya. Akachukua kitambaa akasugua tope likiwa bichi. Kisha akaziweka kando ya jiko zikauke, akalala.

Asubuhi alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyefiwa. Kwenye vidole vya kiatu cha kulia kulikuwa na duara jeusijeusi, kama alama ya kikombe cha chai kwenye daftari. Manyoya yamelala. Ubavu mmoja umekuwa mgumu kama chapati ya juzi. Na Jumatatu alikuwa na mahojiano ya kazi kubwa zaidi huko Malaba, na hizo ndizo zilikuwa viatu vyake pekee vya maana. Mpango wake ulikuwa apeleke kwa fundi wa barabarani zipigwe kiwi.

Nikamwambia: buda, usiguse kitu, nakuja.

Mimi sina diploma ya viatu. Sina diploma ya chochote, kwa kweli. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na tangu hapo nimekuwa nikiandika na kuuza viatu vya mtumba upande huu na ule wa mpaka. Nimeharibu pea nyingi za swedi kwa pesa yangu mwenyewe mpaka nikaelewa jambo moja: mvua peke yake huwa haiui swedi. Kinachoua ni yale tunayofanya saa moja baada ya mvua. Kitambaa, jiko, jua, sabuni ya unga, kiwi. Haraka, kwa neno moja.

Ili uone kwa nini, lazima ujue umevaa nini. Swedi ni ngozi iliyogeuzwa. Ule upande wa ndani wa ngozi, uliokuwa umeshikana na nyama ya mnyama, ndio umesuguliwa ukawa na manyoya mafupi. Jina lenyewe lilitoka kwa Wafaransa, waliokuwa wakiita glavu laini za aina hiyo glavu za Uswidi. Nubaki nayo ni upande wa nje wa ngozi, ule wa nywele, uliopigwa msasa kidogo tu mpaka ukawa na vumbi laini kama ngozi ya pichi. Kwa hivyo nubaki ni imara zaidi, lakini manyoya yake ni mafupi sana. Zile timba za manjano ambazo kila msee anazitaka, ambazo kampuni ya Timberland ilianza kuuza mwaka wa 1973, ni nubaki. Buti za safari ambazo Bata hutengeneza hapa Kenya, hizo ni swedi.

Tena kuna kitu cha kuchekesha kuhusu buti hizi. Mtindo wake ulipata umaarufu duniani mwaka wa 1950, Nathan Clark wa kampuni ya Clarks alipoutoa baada ya kuona maafisa wa jeshi wamevaa buti kama hizo zilizotengenezwa Kairo. Yaani ni viatu vya jangwani. Sisi tumevileta mahali ambapo mvua ya masika inaanza Machi na kunyesha mpaka Mei, halafu tunashangaa.

Sasa turudi kwa lile duara.

Watu wengi hufikiri alama ya maji ni uchafu, kwa hivyo wanaiosha. Si uchafu. Ndani ya ngozi kuna rangi, mafuta ya kuilainisha, chumvichumvi na dawa iliyobaki kiwandani. Maji yakiingia sehemu moja, yanayeyusha vitu hivyo kidogo na kuvisukuma mpaka pale maji yenyewe yanapoishia. Maji yakikauka, vile vitu vinabaki vimejipanga kwenye ukingo. Hilo ndilo duara lako. Ni mpaka kati ya palipolowa na pale pasipolowa. Sisi watu wa Busia tunajua mambo ya mpaka: shida haiko upande huu wala ule, iko pale katikati vitu vinaporundikana.

Ndiyo maana dawa ya alama ya maji ni maji. Najua inasikika kama wazimu, na beshte yangu aliniangalia hivyo hivyo. Lakini ukilowesha kipande chote kwa usawa, kutoka mshono mmoja hadi mwingine, hapabaki mpaka katikati. Ukingo wa maji unaangukia kwenye mshono, ambapo hakuna jicho litauona.

Tulifanya hivi. Jumamosi asubuhi tulianza na tope. Lilikuwa limeshakauka, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu pekee. Tope jekundu likiwa bichi ukilisugua unalisukuma ndani ya manyoya kama rangi ya ukuta. Likikauka linakuwa vumbi, na vumbi hutoka kwa brashi. Tulitumia brashi kavu ya nailoni, ile ya kucha, mpya, bila maji. Tulipiga upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili, mpaka vumbi likaacha kutoka. Tope ambalo beshte yangu alikuwa amelisugua usiku lilibaki kidogo kwenye mshono, na liko hapo mpaka leo.

Kabla ya kulowesha tulijaribu rangi. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, kibonyeze kwenye ulimi wa kiatu, chini ya kamba, mahali pa kujificha. Hesabu mpaka ishirini. Kikitoka na kivuli cha rangi, endelea. Kikitoka kimejaa rangi kama umekichovya kwa chai, acha, kwa sababu kiatu hicho kitapauka ukikilowesha. Chetu kilitoa kivuli tu.

Kisha maji. Usikichovye kiatu kwa beseni. Tulitumia sponji safi, maji baridi tu, hakuna sabuni, tukapapasa kipande chote cha mbele mpaka kikawa na giza moja kila mahali. Neno ni kupapasa. Ukisugua, manyoya yanavunjika. Hakuna doa kavu, hakuna dimbwi. Halafu tukafanya kipande hicho hicho kwa kiatu cha kushoto pia, ingawa hakikuwa na duara, ili visitofautiane rangi baadaye. Hapo ndipo wengi huharibu: wanatibu duara peke yake, na wanapata duara lingine kubwa zaidi.

Baada ya hapo, kitambaa kikavu cheupe cha kunyonya maji, kwa kubonyeza. Ndani ya kiatu tukajaza karatasi ili kisipoteze umbo. Gazeti linanyonya vizuri, lakini wino wake huhama, kwa hivyo tulilifunga kwa tishu nyeupe kwanza. Karatasi ikilowa, badilisha. Sisi tulibadilisha mara tatu.

Na sasa sehemu ngumu kuliko zote kwa vijana wa siku hizi: kungoja. Tuliziweka chini ya kitanda, dirisha likiwa wazi. Mbali na jiko, mbali na jua. Ngozi ikiwa na maji na ikapigwa na moto, hujikunja na kuwa ngumu, na hiyo hairudi nyuma. Gundi ya soli nayo hulegea. Jua la saa saba hapa Busia linafanya hivyo pia, na juu yake linapausha rangi. Kivulini kiatu huchukua saa ishirini na nne au zaidi. Jumamosi usiku beshte yangu alinitumia ujumbe WhatsApp: "Bro, zinakaa mbaya kuliko jana." Kweli. Swedi ikiwa nusu kavu huwa na mabakamaba ya kutisha. Hapo ndipo mtu hukata tamaa na kukimbilia kiwi. Nikamwambia alale.

Jumapili alasiri zilikuwa zimekauka. Utajuaje? Ingiza mkono ndani kabisa mpaka kwenye vidole. Ukihisi ubaridi, bado. Zilikuwa ngumu kidogo na zimepoa rangi, na hilo ni kawaida. Tukapiga brashi, safari hii kwenda na kurudi kwa nguvu kiasi, na manyoya yakaanza kusimama. Duara lilikuwa limeisha. Palipobaki kivuli chepesi, tulichukua kifutio cheupe cha penseli, kile cha watoto wa shule kisicho na rangi, tukafuta polepole kama mtu anayefuta jibu la hesabu. Kisha brashi tena.

Ile sehemu iliyokuwa ngumu kando ya jiko haikupona. Manyoya yalisimama kidogo kwa mvuke, lakini ukibonyeza kwa kidole bado unahisi kadibodi. Moto ulikuwa umeshafanya kazi yake, na hakuna brashi ya kurudisha hiyo. Nakwambia ukweli huu ili usidhani nauza miujiza.

Nimetaja mvuke. Huo ni wa mikwaruzo na mahali palipolala. Mikwaruzo ya hapa kwetu mingi ni ya boda: kiatu cha kulia kinagonga kikanyagio, au cha kushoto kinasugua gia kama wewe ndiye dereva. Ukiona sehemu inayong'aa, usifikiri rangi imeisha. Mara nyingi manyoya yamelala tu na kubanana. Chemsha maji kwenye sufuria au birika, shika kiatu juu ya mvuke kwa umbali wa shibiri moja, hesabu mpaka tano, toa, piga brashi papo hapo. Rudia mara mbili tatu. Mvuke unalegeza manyoya, brashi inayasimamisha. Lakini usikiache hapo mpaka kilowe, la sivyo umejitengenezea alama mpya ya maji.

Kwa swedi iliyokwaruzwa vibaya unaweza kupitisha msasa laini kabisa, mara mbili tatu, kwa mkono mwepesi. Kwa nubaki kuwa mwangalifu sana. Manyoya yake ni mafupi, na chini yake kuna ngozi laini. Ukizidisha msasa unafika kwenye ngozi hiyo, na unabaki na doa linalotofautiana na kiatu kizima milele. Timba zangu mwenyewe ziko na doa kama hilo kwenye kisigino, ukubwa wa shilingi ishirini. Kwa nubaki anza na kifutio, kisha mvuke, kisha brashi laini. Kama mkwaruzo umekata mpaka ngozi imechanika, hakuna dawa ya kupiga brashi. Hilo ni kovu, livae.

Mafuta ya chips au oili ya pikipiki ni kesi tofauti, na hapa maji hayasaidii. Mwagia poda ya mtoto juu ya doa, nyingi, iache usiku mzima inyonye, kisha piga brashi asubuhi. Rudia. Doa la siku hiyo hiyo hutoka au hupungua sana. Doa la mwezi mzima, sahau.

Sasa nataka kuongea na mafundi wetu wa kiwi, kwa heshima, maana ni wakubwa wangu na wengine hunifanyia kazi nzuri ya viatu vya ngozi ya kawaida. Wazee wetu, tafadhali mteja akileta swedi, mkataeni. Kiwi ni nta na rangi. Kwenye ngozi laini inakaa juu na kung'aa. Kwenye swedi inaingia kati ya manyoya, inayagandisha pamoja, na hakuna njia ya kuitoa yote. Kiatu kinakuwa kama mbwa aliyenyeshewa. Vaselini ni hivyo hivyo. Nimewahi kulipia huduma hiyo mwenyewe, shilingi hamsini za kuua kiatu cha elfu mbili, na fundi hakuwa na nia mbaya. Alifanya nilichomwomba. Na sabuni ya unga nayo inatoa mafuta yanayolainisha ngozi, ndiyo maana kiatu kilichofuliwa hukauka kama mbao.

Hayo yote ni matibabu. Kinga ni rahisi zaidi, ila lazima ifanywe kabla ya mvua. Nasema Februari, wakati bado kuna vumbi. Ukingoja mpaka umenyeshewa mara ya kwanza, utakuwa unakinga alama ambayo tayari iko.

Kinga ni sprei ya kuzuia maji iliyoandikwa wazi kwamba ni ya swedi na nubaki. Isiyosema hivyo, iache dukani. Kiatu kiwe safi na kikavu kabisa, manyoya yamesimama, kwa sababu sprei itafungia ndani kila uchafu utakaoukuta. Jaribu kwanza kwenye ulimi, kwa kuwa baadhi hutia rangi giza kidogo. Shika kopo umbali wa shibiri moja, puliza tabaka jembamba likae kama umande, sio mpaka kilowe. Ngoja likauke, puliza la pili. Usikose mishono. Kisha kilale usiku mzima kabla ya kukivaa, zaidi kama maelezo ya kopo yanasema hivyo.

Na puliza nje, mahali penye hewa, upepo ukienda mbali nawe. Si chumbani, na kamwe si karibu na jiko. Gesi yake hushika moto, na ule ukungu ukiuvuta ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuumiza mapafu vibaya. Mtu anayeishi bedsita Burumba asiseme "ni dakika mbili tu". Toka nje.

Utajua imeshika ukidondosha tone moja la maji: likikaa juu kama shanga na kuteleza, uko sawa. Likiingia na kuacha giza, puliza upya. Msimu wa mvua mimi hufanya jaribio hilo kila Jumapili, na huwa narudia sprei baada ya wiki chache, au kila nikikisafisha.

Lakini tusidanganyane. Sprei haigeuzi swedi kuwa gambuti. Inakupa dakika kadhaa za kufika kwenye kibanda. Ukikanyaga dimbwi kule Malaba mahali matrela yamesimama foleni na kuchimba barabara, maji yataingia kwa mishono na kwa juu, na hakuna kopo litakusaidia. Siku kama hiyo vaa ndala au gambuti, beba swedi kwenye begi, ubadilishe ukifika. Ati ni ushamba? Mshamba ni yule anayenunua pea mpya kila Mei. Na ukiziweka nyumbani, usizifunge kwa karatasi ya nailoni. Unyevu wa msimu huo utazipa ukungu mweupe ndani ya wiki. Mfuko wa kitambaa unatosha.

Kwa wale tunaouza na kununua mtumba, haya ni mambo ya pesa taslimu. Kiatu cha swedi chenye duara la maji huwa kinatupwa chini ya rundo na kupunguzwa bei, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote wanaamini kimekufa. Mimi huangalia mawili tu: nabonyeza kwa kidole kama ngozi bado ni laini, na nanusa kama kuna kiwi. Ikiwa laini na haina kiwi, nalipa hiyo bei ya chini bila kubishana sana. Nikifika nyumbani nachukua sponji.

Beshte yangu alienda Malaba Jumatatu na buti zake. Tulizipulizia Jumapili jioni nje ya mlango, tukazingoja usiku. Kazi hakupata, alipewa mtu mwingine. Lakini mwezi wa Juni walimwita tena kwa nafasi nyingine, akaenda na buti zile zile, na sasa yuko huko. Kila akipita hapa namwambia anionyeshe ule ubavu mgumu wa kando ya jiko. Hapendi nikiuliza.